Sekunde Kumi Kabla ya Dakika Tano: Jaribio la Muonekano katika Filamu ya Katuni



Filamu ninayoitolea mfano inaanzia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kuishia hapa Posta. Msukuma mkokoteni anatoka sokoni alfajiri, anashika Mtaa wa Uhuru, anapita Mnazi Mmoja na kufikisha mzigo wake mjini. Tulikuwa wachoraji watatu, filamu ilikuwa ya dakika tano, na mteja alitupa siku 60 za kazi. Kabla ya kusaini mkataba tulichora sekunde kumi tu, lakini tulizimaliza kabisa: mistari safi, rangi, mandhari ya nyuma na mwendo wa kamera, kama zitakavyoonekana kwenye skrini.

Swali la kwanza lilikuwa tuchore sekunde zipi. Wengi huchagua picha nzuri kuliko zote, yaani macheo juu ya bahari pale Kivukoni, na wanachojifunza hapo ni kwamba macheo yanapendeza. Sisi tulichagua kipande cha kawaida chenye kazi nyingi: mtu anatembea akisukuma mzigo, kamera inamfuata, kisha anasimama na kugeuza kichwa. Kipande cha namna hiyo kinajirudia filamu nzima, kwa hiyo kosa lake nalo lingejirudia filamu nzima.

Tulitaka muonekano wa picha za Tingatinga, za rangi nzito na nukta zilizojaa kila mahali. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi za mafuta zing'aazo juu ya mbao za hardboard, na nukta zake zilitulia palepale alipoziweka. Zetu hazikutulia. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, nasi tulishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, hivyo sekunde kumi zilidai michoro 120. Nukta za shati zilichorwa upya kila mara na zikahama kidogo tu, lakini tulipocheza picha shati lilichemka kama uji. Kwenye picha iliyosimama kosa hilo halionekani hata kidogo. Tukaamua nukta zibaki kwenye kuta, kanga na mawingu, vitu visivyochorwa upya, na shati liwe la rangi moja.

Kosa la pili lilikuwa la miguu. Mandhari yalikuwa yakisogea kila fremu, pikseli sita, ilhali mtu alibadilika kila baada ya fremu mbili. Unyayo uliokanyaga lami ukawa unateleza, mtu akaonekana anatembea juu ya barafu. Tulifanya mandhari nayo yasogee kila baada ya fremu mbili, pikseli 12 kwa mpigo, na unyayo ulioko chini urudi nyuma pikseli 12 zilezile kwa kila mchoro. Hatua mbili zilichukua michoro 16, yaani pikseli 192. Ndipo tulipogundua kuwa hata tairi lina hesabu yake: kipenyo chake kilikuwa pikseli 122, hivyo mzunguko mmoja ni kama pikseli 384, na katika hatua mbili lazima lizunguke nusu tu. Dawa hii inafaa mwendo wa polepole wa mkokoteni. Kwa bodaboda mandhari yangerukaruka, na hapo mtu achorwe na mandhari yasogee kila fremu.

Muda wote huo daftari lilikuwa mezani, kila mmoja akiandika saa ya kuanza na kumaliza. Kusafisha na kupaka mchoro mmoja kulichukua wastani wa dakika 14, kwa hiyo michoro 120 ilikula saa 28. Michoro ya rasimu ilichukua saa 10, mandhari 9, kuunganisha 5. Jumla saa 52. Dakika tano ni vipande 30 vya sekunde kumi, yaani saa 1,560. Watu watatu wakichora kweli saa sita kwa siku wanatoa saa 18, na hiyo ni siku 87.

Bila nukta, mchoro ulishuka hadi dakika nane. Tukapitia hadithi nzima upya: vipande 18 vingeweza kutumia tena ile michoro 16 ya kutembea, kila kimoja saa 28 na nusu, vipande 12 visingeweza, kila kimoja saa 40. Jumla ikawa saa 993, kama siku 55. Siku tano za akiba hazitoshi mteja anapotaka marekebisho, na huyataka kila mara. Tulimwonyesha jaribio na daftari, tukaomba kuondoa nusu dakika ya umati sokoni, vipande vitatu vizito. Zikabaki saa 873, siku 49.

Baada ya hapo tuliandika ukurasa mmoja: unene wa mstari, rangi za shati, ngozi na mkokoteni, fremu mbili kwa mchoro, mandhari pikseli 12. Mteja aliuona pamoja na jaribio na kuutia saini. Badiliko lolote kwenye ukurasa huo lilihesabiwa kuwa kazi mpya yenye saa zake.

Mkataba ulisainiwa kwa filamu ya dakika nne na nusu. Ninaomba kila mshiriki mwenye hadithi mkononi achague leo sekunde zake kumi, na achague zile zenye miguu inayotembea.