"Wiki ijayo" haijakuwa randevu

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale hawakufika.)

Niliombwa niseme juu ya kitu kimoja tu. Umeenda kwa shefu wa lokalite kumwomba aje kuona mpaka wa shamba lako, naye anakujibu: "Hakuna shida, nitapita wiki ijayo." Ufanye nini ili hiyo "wiki ijayo" igeuke siku moja na saa moja?

Kwetu sisi tuliorudi hili si neno dogo. Wengi tulikuta mtu mwingine analima mashamba yetu, na ili mapatano yashike, shefu anapaswa kusimama pale penyewe pamoja na wazee wenye wanajua mpaka. Mvua ya kupanda inaanza mwezi wa tisa. Kama mpaka haujaonwa mbele ya mvua, yule mwenye kulima atapanda tena. Akipanda mahindi, utangoja karibu miezi minne. Akipanda mihogo, unaweza kungoja mwaka mzima ao zaidi, kwa sababu ni vigumu watu wakubali chakula cha mtu king'olewe udongoni. Basi "wiki ijayo" mbili tatu zinatosha kukupotezea msimu.

Kwanza tujue sababu gani mtu anajibu vile. Mara nyingi shefu hakatai. Yeye mwenyewe hajui siku gani atakuwa huru, ao anajua kwamba wengine hawajaulizwa: jirani yako, wazee, sekretere mwenye ataandika. Hawezi kukupa siku yenye haiko mkononi mwake. Pengine kuna kitu anangoja na anaona haya kukitaja, kama pesa ya njia. Kwa hiyo usimwulize "siku gani?" tu. Swali hilo linamrudishia kazi yote, na jibu lake litakuwa lile lile.

Kazi ianze kwako. Mbele ya kurudi kwa shefu, pita kwa wale wengine wote. Muulize jirani yako, uliza wazee wawili ao watatu, tena kwa kuondoa: "Siku gani za wiki ijayo hamuwezi?" Mtu anakumbuka upesi zaidi siku yenye hawezi kuliko siku yenye anaweza. Ondoa siku ya soko na siku ya ibada.

Tuchukue mfano. Leo ni siku ya posho, tarehe 16 mwezi wa nane. Mzee wa kwanza anaenda kwa daktari tarehe 18. Jirani anauza samaki sokoni tarehe 20. Mzee wa pili hana shida, lakini hawezi kutembea jua likiwa kali. Zinabakia tarehe 19, 21 na 22, zote asubuhi. Sasa uko na kitu cha kupeleka.

Unaenda kwa shefu na kumpa siku mbili achague: "Shefu, wazee na jirani wote wanaweza tarehe 19 ao tarehe 21, saa tatu ya asubuhi. Kwako ipi ni nyepesi?" Ya tatu, tarehe 22, unaiweka mfukoni. Halafu unaongeza kwa heshima: "Kuna kitu chenye kinahitajika mbele ya siku ile, ili nikitayarishe?" Hapo kama ni pesa ya njia, ao karatasi, itasemwa leo na si siku yenyewe.

Sasa kuna mtego wenye unatukamata sisi hasa, wenye kutoka Nyarugusu, Lugufu na kambi zingine za Tanzania. Kule tulizoea kusema Jumatatu. Hapa siku ile inaitwa siku ya kwanza. Ukimwambia mzee wa hapa "Jumatatu," yeye anasikia "tatu," anakuja siku ya tatu, ndiyo ile mulikuwa mukiita Jumatano. Siku mbili zimepotea na kila mtu anaona mwenzake ni mwongo. Dawa yake ni tarehe. Sema siku, halafu sema tarehe: "siku ya nne, tarehe 21."

Saa nazo ziko na mtego. Mwenye kusoma Kifaransa anaweza kusema "saa kumi" akifikiri ile yenye inaandikwa 10h00. Kwa mama wa shambani saa kumi ni jioni, jua likielekea kushuka. Kwa hiyo ongeza kila mara "ya asubuhi" ao "ya jioni," na ukiandika weka zote mbili: saa tatu ya asubuhi, 9h00. Tena, kama shahidi wako angali Kigoma na atasemea kwenye telefone, kumbuka saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja. Saa tatu ya hapa ni saa nne ya kwake.

Shefu akichagua, usiondoke bado. Rudilia maneno yote mbele yake, na umwombe sekretere aandike kwenye kitabu cha biro. Jioni ile ile tuma mesaji moja kwa wote, maneno yale yale kwa kila mtu:

"Kuona mpaka wa shamba: siku ya nne, tarehe 21 mwezi wa nane, saa tatu ya asubuhi (9h00). Tunakutana kwenye mwembe karibu na daraja. Watakuwapo: shefu, sekretere, jirani, wazee wawili. Tafazali jibu NDIYO mbele ya siku ya kwanza jioni."

Angalia mambo mawili katika mesaji hii. Mahali ni pamoja penye kila mtu anapajua; "kule shambani" haitoshi, kwa sababu shamba lina pande nyingi. Tena jibu limepewa mwisho. Mwenye kunyamaza hajakubali. Siku ya kwanza jioni ikifika bila jibu la mtu mmoja, unampigia ao unatuma mtoto nyumbani kwake. Ungali na siku mbili za kutengeneza. Jioni ya tarehe 20 unawakumbusha tena, kwa ufupi.

Namna gani utajua kama jibu ni kukataa kwa adabu? Umempa siku mbili, akasema zote hapana. Umetoa ile ya mfukoni, nayo hapana. Kama yuko na shida ya kweli, yeye mwenyewe atataja siku ingine: "Hapana, lakini tarehe 26 naweza." Kama hatoi siku yoyote, shida si kalenda. Hapo usimsukume na siku ya tano na ya sita. Uliza kwa upole: "Shefu, kuna neno kati yetu na jirani lenye halijaisha?" Pengine jirani alikwisha kupita kwake na ushahidi wake. Ni vizuri ulijue kabla ya mwezi wa tisa.

Na ikitokea msiba, siku ikavunjika, musiachane na "tutaonana." Yule mwenye kuleta habari ya kuvunja aombwe pale pale siku mpya na tarehe yake. Kama mupo wote chini ya mwembe na shefu peke yake amekosa, chagueni siku mbili mukiwa mungali pamoja, halafu mmoja azipeleke kwake siku ile ile. Wakisha tawanyika, unaanza upya nyumba kwa nyumba, na mawingu hayatakungoja.