Ng'ombe Wako Wanapokamatwa kwa Deni la Mwingine



Hapa Dodoma ni desturi ya miaka mingi mtu kumkabidhi ndugu au rafiki mifugo yake aitunze, mtunzaji akinufaika kwa maziwa. Ubaya hujitokeza siku mtunzaji aliposhindwa kesi ya madai, na dalali wa mahakama akaingia zizini na kukamata ng'ombe wote.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Chamwino amemkabidhi shemeji yake wa Bahi ng'ombe sita. Shemeji anadaiwa na mfanyabiashara aliyeshinda kesi katika mahakama ya wilaya. Ng'ombe kumi wanakamatwa, wakiwemo wale sita. Mama hakuwa na sehemu yoyote katika kesi ile. Afanye nini?

Asiwarudishe ng'ombe kwa nguvu, wala asikate rufaa katika kesi isiyo yake. Njia yake ni pingamizi, chini ya Amri ya 21, Kanuni ya 57 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Apeleke katika mahakama iliyoamuru ukamataji maombi ya maandishi yenye kiapo, akiwataja mshindi wa kesi na shemeji yake kuwa wajibu maombi. Papo hapo aombe mnada usimamishwe hadi pingamizi lisikilizwe. Mahakama ya mwanzo ina kanuni zake. Huko amwone karani.

Swali la mahakama ni moja: siku ya ukamataji, ng'ombe hao walikuwa mikononi mwa shemeji kwa haki ya nani? Kuwa katika zizi lake hakutoshi kumfanya mmiliki. Ikithibitika kwamba aliwashika kwa niaba ya mama, mahakama itaamuru waachiliwe.

Kwa hiyo mama aeleze kila ng'ombe kwa rangi na alama, alete stakabadhi ya mnada wa Msalato alikowanunua, na mashahidi walioona akiwakabidhi. Adai sita tu. Akidai kumi, hata ukweli wake utatiliwa shaka. Na hati ya mauzo iliyoandikwa baada ya ukamataji haitamsaidia, kwa kuwa kinachopimwa ni hali ya siku ile.

Muda ni mfupi. Kwa kawaida mali inayohamishika haiuzwi kabla ya siku 15 tangu tangazo la mnada libandikwe mahakamani, lakini mali inayoharibika upesi, au ambayo gharama ya kuitunza yaweza kupita thamani yake, huuzwa mapema zaidi. Aidha, mahakama haichunguzi pingamizi lililocheleweshwa kwa makusudi au bila sababu.

Pingamizi likikataliwa, uamuzi huo haukatiwi rufaa. Kanuni ya 62 inamruhusu mama kufungua shauri jipya la kuthibitisha haki yake.

Basi, unapomkabidhi mtu mifugo, andikeni idadi, rangi, alama na tarehe, mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako siku dalali atakapofika zizini.