Damu ya Kilindoni na Maabara ya Ng'ambo

Wasikilizaji, tangazo la kipimo cha damu cha saratani mmelisikia wiki hii, hatulisomi tena. Kinachotutia wasiwasi ni maneno yaliyofuata. Sokoni na gatini watu wanaambiana kwamba kukatwa kinyama sasa basi: toa damu, subiri majibu. Sivyo. Na bahari kati yetu na maabara ipo palepale.

Kipimo chenyewe ni cha kweli. Seli za uvimbe zikifa, vipande vya vinasaba vyake huingia kwenye damu, na maabara huvitafuta ndani ya plazma, yale majimaji ya manjano yanayojitenga damu ikizungushwa kwenye mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, pamoja na wenzao wa Oxford na wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, wamekuwa wakikifanyia utafiti kwa watoto na vijana wanaoshukiwa kuwa na limfoma, hasa ile ya Burkitt. Ndiyo ile ambayo Daktari Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 akiwa Kampala: taya la mtoto linavimba, meno yanalegea, au tumbo linajaa. Uvimbe huo unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto wa namna hiyo hawezi kukaa wiki kadhaa akingoja majibu ya kinyama, na ndiyo maana damu inatafutiwa njia.

Lakini sikilizeni kinachotafutwa humo. Kuna virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huandamana na ugonjwa huu karibu kila mara katika ukanda wetu wenye malaria. Virusi hivyo peke yake havithibitishi kitu, kwa sababu watu wazima karibu wote wanavyo, na mtoto anayeugua malaria huweza kuwa navyo tele kwenye damu bila saratani yoyote. Kwa hiyo maabara hutafuta pia vinasaba vilivyokatika na kuungana mahali pasipo pao: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, mara nyingi kimehamia kwenye kromosomu ya 14. Hapo ndipo daktari anapata la kushika.

Na jibu la "haikuonekana"? Tutoke kwenye limfoma, chukueni mama mwenye uvimbe mdogo wa saratani ya titi, katolewa mililita 10 za damu. Plazma yake ni kama mililita 4. Tuseme vinasaba vilivyomo vinatosha nakala 6,000. Ikiwa nakala moja katika kila 1,000 imetoka kwenye uvimbe, maabara ina nakala 6 za kutafuta. Ikiwa ni moja katika 10,000, huenda chupa ile haina hata moja. Mashine haikukosea, kilichotafutwa hakikuingia kwenye chupa. Uvimbe upo, jibu ni safi, na mama anarudi nyumbani akiamini amepona. Hilo ndilo tunaloliogopa.

Halafu bahari ipo palepale. Damu ikichukuliwa kwenye chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau, inatakiwa izungushwe ndani ya saa chache. Ikicheleweshwa, seli nyeupe za mgonjwa mwenyewe zinapasuka na kumwaga vinasaba vizima vizima, na vile vichache vya uvimbe vinazama humo. Ukiigandisha kwa barafu kabla ya kuizungusha, umezipasua mwenyewe. Zipo chupa zenye dawa ya kuzuia seli zisipasuke, zinazohimili siku kadhaa bila barafu, ila ni ghali. Sasa hesabuni: damu itoke Kilindoni, ingoje chombo, ivuke hadi Nyamisati, ipande gari hadi Dar es Salaam. Kusi ikivuma, chombo hakiondoki. Tumelisema la usafiri wa wagonjwa, tukalisema tena, na leo tunalisema kwa ajili ya chupa ya damu. Bahari ipo palepale.

Mlioko halmashauri, jibuni hili hadharani: damu itazungushwa wapi? Ikizungushwa hapa hapa Kilindoni, plazma ikatengwa na kugandishwa, inaweza kungoja chombo bila kuharibika. Isipozungushwa hapa, chupa za dawa zinunuliwe kabla mtu hajadungwa sindano.

Nanyi wazazi wa Jibondo, Juani, Chole, Baleni, Kirongwe na Bweni, msingoje kipimo hiki! Mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msikubali jino ling'olewe mkarudi nyumbani. Mleteni Hospitali ya Wilaya leo, ombeni rufaa, na daktari akisema kinyama kinahitajika, kubalini kikatwe. Mama mwenye kivimbe titini, hata ukiletewa karatasi ya damu inayosema hakuna kitu, kivimbe kikiwa bado kipo, rudi kwa daktari akipime chenyewe!