Daiwa Kwa Maandishi

Mkopaji wa simu hapa Kampala akipata ujumbe kwamba deni limeongezeka, asilipe tu ili asisumbuliwe. Tuchukue mfano: amekopa shilingi 200,000 kwa siku 30, ada asilimia 9. Deni ni 218,000. Amelipa 150,000, zimebaki 68,000. Lakini ujumbe unadai 120,000. Hizo 52,000 zimetoka wapi?

Aandike kwa mkopeshaji, si kupiga simu tu, aombe taarifa kamili: tarehe na kiasi kilichoingia, kila malipo na namba ya muamala, kila ada, riba na faini, pamoja na kipengele cha mkataba kinachoiruhusu. Kisha ailinganishe na taarifa ya pochi yake ya simu, mstari kwa mstari. Faini iliyokatwa mara mbili, au malipo ambayo hayakuhesabiwa, yataonekana hapo.

Zile 68,000 asizozipinga azilipe kwa wakati, ili faini isipate sababu. Akinyimwa maelezo, na mkopeshaji si benki, alalamike kwa UMRA, mamlaka inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji wa fedha chini ya sheria ya 2016. Deni la halali hulipwa, lakini anayedai ndiye wa kuonyesha hesabu.