Vitakasa Mikono Kati ya Katoni za Sabuni: Kinga ya Moto na Mpango wa Dharura Ghalani

Mada kwa watunza ghala na wasimamizi wa Jinja na Mbale

1. Hatari ilipo

Ghala la bidhaa mchanganyiko huweka sabuni, biskuti, thina na vitakasa mikono chini ya paa moja. Nitazungumzia vitakasa mikono tu, kwa kuwa katoni yake inafanana na ya sabuni, na hupangwa vivyo hivyo.

Kitakasa chenye alkoholi asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi joto 20 hivi za Selsiasi. Mchana wa kawaida wa Jinja au Mbale huvuka kiwango hicho. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche ya chaja ya foko au ya mtu anayechomelea. Kwa hiyo chupa inaweza kupasuka huku, na moto ukawakia kule.

2. Mfano wa hesabu

Tuseme zimeingia katoni 200, kila moja ina chupa 12 za nusu lita. Hizo ni lita 1,200. Zikiwekwa juu ya biskuti, moto ukitokea plastiki itayeyuka na alkoholi itateremka ikiwaka hadi chini ya chaga, mahali ambapo kizimamoto hakifiki.

Zitengee chumba cha matofali cha mita 4 kwa 3. Kizingiti cha sentimita 10 mlangoni kinatosha kuzuia lita zote 1,200; jenga cha sentimita 15, kwa sababu chaga nazo huchukua nafasi. Matundu ya hewa yawe juu kidogo ya kizingiti na mengine karibu na dari. Swichi ya taa ikae nje.

3. Moto ukitokea

Kizimamoto cha unga cha kilo 9 huisha kabla ya nusu dakika. Povu la kawaida halifai, maana alkoholi hulivunja. Linahitajika povu maalumu la alkoholi. Basi, ikiwaka chupa moja iliyomwagika, mmoja azime akiwa ameupa mlango mgongo, mwenzake apige kengele. Moto ukishashika katoni, wote watoke, mlango ufungwe, ipigwe 999 au 112.

Kikosi cha zimamoto cha Polisi ya Uganda kikifika kitataka kujua kinachowaka, kiasi chake na maji yalipo. Majibu hayo yakae getini: ramani ya ghala, mahali pa tangi, na orodha ya lita inayosahihishwa kila mzigo unapoingia au kutoka. Ikifungiwa ofisini, usiku haina kazi.

Napendekeza zoezi moja kila mwaka lifanyike usiku, mtunza ghala akiwa hayupo, ili ijulikane kama mlinzi peke yake anaweza kuyatekeleza haya.