Ankara Iliyochezewa



Siku hizi ankara nyingi hutufikia zikiwa picha katika simu, na picha huweza kubadilishwa na mtu aliyeketi nyumbani kwake. Naomba niwasimulie moja tuliyoletewa na wakala mmoja, ya maturubai ya kuanikia mazao.

Ilisema maturubai 40, kila moja shilingi 85,000, jumla 3,400,000. Chini yake kodi ya asilimia 18, shilingi 468,000. Na jumla kuu 3,868,000. Ukijumlisha mstari kwa mstari, hesabu inakubali, na karani wetu alikwisha kuitia alama ya kulipwa.

Mimi nilizuiwa na tarakimu 8. Ile ya 468,000 ilikuwa nyembamba, yenye vitundu viwili vilivyo wazi. Ile ya 85,000 na ile ya jumla kuu zilikuwa nene, kana kwamba zimetoka katika mashine nyingine. Tena, katika ankara iliyopigwa kwa mashine, sifuri za mwisho husimama wima chini kwa chini. Nikaweka ukingo wa karatasi juu ya kioo cha simu, nikaona 3,400,000 imesogea kushoto kidogo, na mstari wa jedwali umekatika nyuma yake.

Lakini tusimhukumu mtu kwa hayo peke yake. Picha iliyopigwa upande huinamisha mistari yote pamoja, na simu ikiipunguza picha ili ipelekeke, herufi zote huingia ukungu. Cha kutia shaka ni mahali pamoja palipotofautiana na jirani zake.

Ndipo nikaigeukia kodi. Asilimia 18 ya 3,400,000 ni 612,000, wala si 468,000. Nikatafuta kodi ile ni ya fedha ngapi: 468,000 nikaizidisha kwa 100, nikaigawanya kwa 18, nikapata 2,600,000 kamili. Gawanya kwa maturubai 40, ni shilingi 65,000 moja. Aliyebadilisha bei na jumla aliisahau kodi, nayo ikatueleza bei ya awali.

Hata hivyo muuzaji naye huweza kukosea hesabu. Kwa hiyo nilimpigia kwa namba iliyomo katika daftari letu, si ile ya kwenye picha, maana hiyo nayo huweza kugeuzwa. Alinisomea nakala yake: 65,000, jumla kuu 3,068,000. Tofauti ilikuwa shilingi 800,000 za wanachama.

Nakiri kuwa mwerevu zaidi angaliibadilisha kodi pia, au angaliacha hesabu zote na kugeuza namba ya akaunti ya benki tu. Hapo jumla zisingesema neno. Kwa sababu hiyo kila ankara ya picha sasa hulinganishwa na hati ya kuagizia mali na hati ya kupokelea, na namba ya akaunti husomwa upya kutoka daftarini kabla Mweka Hazina hajatia sahihi.