Maneno ya Kadi ya Krismasi kwa Jamaa Wakubwa na Wadogo
Hotuba kwa Watu wa Nachingwea na Ruangwa



Leo nataka kunena nanyi juu ya maneno yatiwayo katika kadi ya Krismasi. Mwezi wa Desemba huku kwetu ni mwezi wa korosho na wa kutengeneza mashamba, tena ndio mwezi ambao vijana wetu walio mbali hukumbuka nyumbani. Asiyeweza kuja hupeleka kadi. Lakini maneno yampendezayo mtoto hayamfai mzee, na kosa moja katika kadi laweza kuleta uchungu mwaka mzima.

Tutwae mfano wa kijana wa Ruangwa afanyaye kazi Dar es Salaam. Hajaoa bado. Anao watu wanne wa kuwaandikia: mpwa wake wa miaka saba, dada yake mkubwa aliye Nachingwea, shangazi yake aliye Mwislamu, na mjomba wake.

Kwa mtoto, mstari mmoja watosha, kwani aanzaye kusoma hupenda kumaliza mwenyewe pasipo kusaidiwa. Jina lake na litangulie, na herufi ziwe kubwa. Kisha aandike: "Heri ya Krismasi! Mjomba anakukumbuka." Basi.

Kwa dada, mistari mitatu. Ingawa wamezoeana, yeye ni mkubwa, kwa hiyo shikamoo haiachwi: "Shikamoo Dada. Mimi ni mzima. Nawatakia wewe, shemeji na watoto Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri." Angalieni neno "nawatakia". Wengi huandika "nakutakia wewe na watoto", na shemeji asomapo huona kwamba yeye hakutajwa.

Kwa shangazi, yafaa kufikiri zaidi. Jamaa nyingi za kwetu zina Waislamu na Wakristo pamoja. Si vema kumpongeza kwa sikukuu isiyo yake, wala si vema kumruka kana kwamba si ndugu. Kijana na achague kadi yenye picha ya maua, aandike hivi: "Shikamoo Shangazi. Sisi Wakristo tunasherehekea Krismasi, nami nimekukumbuka. Nakuombea afya na amani." Na Idi ijapo, asisahau kumsalimu.

Sasa twafika kwa mjomba. Kwa desturi ya Wamwera, Wamakua na Wayao, mtu huhesabiwa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya wapwa wake, hasa ndoa. Kwake mstari mmoja ni dharau. Ataandikiwa barua nzima, ikunjwe ndani ya kadi.

Nalipata kumwona kijana mmoja aliyeharibu hapo. Katika kadi ya dada yake aliongeza maneno haya: "Nimepata mchumba." Kadi ikasomwa kwa sauti mbele ya wageni, na mjomba akaipata habari ile kwa jirani. Akakataa kupeleka mshenga mpaka wazee walipokwenda kumwomba radhi. Kijana hakukusudia ubaya. Alisahau tu kwamba kadi husomwa na wengi. Basi kabla ya kuifunga barua, isomeni kwa sauti. Neno msilotaka lisikiwe barazani, lifuteni.

Barua ya mjomba huanza kwa mahali na tarehe, kisha shikamoo, hali ya mwandishi, pole ya kazi, habari, salamu za wengine kwa kufuata ukubwa, na mwisho heri ya sikukuu. Ombi la fedha lisitiwe humo. Lina barua yake. Tena kama nyumba ile ina msiba, pole itangulie, na maneno ya furaha tele yaachwe. Mfano ni huu:

"Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote wa nyumbani. Mimi niliugua homa mwezi wa Novemba, na sasa nimepona. Pole kwa kazi ya korosho na ya shamba.

Krismasi hii sitaweza kuja kwa sababu ya kazi. Mungu akipenda nitafika mwezi wa Januari, kwani ninalo neno ambalo ni haki yako kulisikia kwanza, tena kinywani mwangu.

Nisalimie Bibi, kisha Mama, kisha wadogo wote. Nawatakia nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Ni mimi mpwa wako."

Mwaona kwamba hapa habari ya mchumba haikutajwa, wala haikufichwa. Mzee akisomewa na mjukuu wake barazani, wageni hawatajua neno lenyewe. Bali yeye atajua kwamba amewekewa nafasi yake, naye atamngoja mpwa wake kwa moyo mweupe.